Transkripti ya podikasti: uitafsiri yote ndo ufupishe, au ufupishe kwanza ndo utafsiri?

Una transkripti ya podikasti ya Kiingereza, maongezi ya dakika 40 hivi kati ya mtangazaji na mgeni, na unatakiwa utoe posti fupi ya blogu ya Kiswahili, maneno 500 au 600, yenye vichwa vidogo vinavyoeleweka. Njia kubwa ni mbili. Ya kwanza unatafsiri maongezi yote toka salamu mpaka kwaheri, afu ukishayapata kwa Kiswahili ndo unaanza kupunguza. Ya pili unapunguza kwanza kwa Kiingereza hukohuko, ukipata muhtasari wako mfupi ndo unautafsiri. Wengi wanakimbilia ya pili kwa sababu kazi inaonekana ndogo, na kwa aina fulani za podikasti wako sawa kabisa, ila kwa aina nyingine wanatoa posti inayosomeka vizuri sana ambayo mgeni mwenyewe akitafsiriwa atasema mimi sikusema hivyo. Hapa nazilinganisha kwa kuzipitisha kwenye kipande kilekile cha maongezi, maana ukizilinganisha kwa maneno ya jumla zote zinaonekana nzuri.

Kabla ya yote, hakikisha una ruhusa ya mwenye podikasti. Kutafsiri na kufupisha kazi ya mtu vyote ni haki ya mwenye kazi, Mkataba wa Berne unasema wazi kuhusu tafsiri kwenye kifungu cha 8, na kuandika "chanzo ni fulani" chini ya posti hakuchukui nafasi ya ruhusa.

Tuanze na muda, maana ndo unaowafanya watu wachague

Mtu anayeongea Kiingereza kwa mwendo wa kawaida anatoa maneno kama 150 kwa dakika, kwa hiyo dakika 40 ni kama maneno 6,000. Mtafsiri anayefanya kazi kwa makini, anayesoma tena alichoandika, anamaliza maneno 2,000 mpaka 2,500 kwa siku. Maana yake ukitafsiri yote kwanza unatumia siku mbili na nusu au tatu kabla hata hujagusa ile posti, afu unaongeza nusu siku nyingine ya kufupisha. Ukifupisha kwanza unasoma transkripti asubuhi, unaandika muhtasari wa maneno 700 hivi, mchana unautafsiri, jioni posti ipo. Siku moja dhidi ya siku tatu au zaidi. Tofauti ni kubwa kwa hiyo swali la maana ni hizo siku mbili za ziada zinakupa nini, na kama kipindi ulichonacho kinakihitaji hicho kitu.

Kipande cha kujaribia

Huu ni mfano nimeutunga kwa ajili ya kulinganisha tu, ila umejaa mambo yanayotokea kila siku kwenye maongezi ya kurekodiwa. Mtangazaji anaongea na daktari wa moyo kuhusu kujipima presha nyumbani. Hii ni tafsiri kamili ya sehemu tatu, namba za mabano ni dakika na sekunde za kwenye odio:

> [08:14] MGENI: Kwa hiyo unakaa, unatulia, yani usitoke kupanda ngazi ukavaa mashine hapohapo. Dakika tatu hivi, unakaa tu, mgongo umeegemea, miguu iko chini, huongei na mtu.
>
> [08:31] MTANGAZAJI: Na kahawa je? Maana mimi bila kahawa asubuhi siamki.
>
> [08:36] MGENI: Kahawa ipishe nusu saa. Sigara pia, na mazoezi.
>
> [08:47] MTANGAZAJI: Basi nitapima nikiwa na kikombe mkononi, nipate namba kubwa nikaombee likizo.
>
> [08:53] MGENI: Utaipata kweli.

> [24:10] MTANGAZAJI: Turudi kidogo kwenye kukaa, ulisema dakika tatu.
>
> [24:14] MGENI: Nilisema tatu? Hapana, tano. Tano ndo tunayowaambia watu. Na kwa watu wengi, sisemi wote, kipimo cha kwanza kinakuwa juu kidogo, kwa hiyo pima mara mbili, uache kama dakika moja katikati.

> [31:02] MGENI: Ukipata namba ya juu mara moja mimi nisingekimbilia kubadilisha dawa. Andika, pima tena siku zinazofuata, afu kaongee na daktari wako. Isipokuwa kama namba iko juu sana na una maumivu ya kifua au unashindwa kupumua, hapo usikae unapima tena, nenda hospitali.

Ukifupisha kwanza unapata hiki

Mfupishaji anapita transkripti ya Kiingereza anapiga mstari chini ya mambo muhimu. Dakika ya 8 kuna namba, anaichukua. Dakika ya 24 mtangazaji anasema "turudi kidogo", inaonekana ni marudio, anairuka nusu yake, anachukua ile ya kupima mara mbili tu. Dakika ya 31 anachukua sentensi mbili za mwanzo maana ndo zenye ujumbe. Anabana kwa Kiingereza, anatafsiri, inatoka hivi:

> Kaa dakika 3 kabla ya kupima. Nusu saa kabla usinywe kahawa, usivute sigara wala usifanye mazoezi. Kipimo cha kwanza huwa juu, hivyo pima mara mbili. Ukipata namba ya juu usibadilishe dawa, andika kisha umwone daktari.

Kiswahili chake safi, kifupi, hakuna mtu atakayeona tatizo akikisoma chenyewe. Sasa kiweke pembeni ya tafsiri kamili. Dakika 3 ni namba ambayo mgeni mwenyewe aliifuta. "Kwa watu wengi, sisemi wote" imekuwa "huwa juu", kama sheria. "Mimi nisingekimbilia" ambayo ni maoni ya daktari mmoja akiongea kwa upole imekuwa amri. Na ile isipokuwa ya maumivu ya kifua haipo kabisa, yani mtu anayeumwa kifua akisoma posti hii anaambiwa aandike namba na apange miadi. Hilo la mwisho linanisumbua kuliko yote, kwa sababu halikutoka kwenye tafsiri mbaya, kila sentensi iliyotafsiriwa imetafsiriwa sawa, ila limekufa kabla tafsiri haijaanza na mtafsiri hana namna ya kulijua.

Hapo ndo tatizo lenyewe la njia hii lilipo. Watu wakiongea wanajisahihisha, wanarudi nyuma, wanaweka sharti mwishoni mwa sentensi ndefu baada ya kumaliza wazo kuu. Maandishi hayana hiyo tabia, mwandishi anafuta kosa lake kabla hujaliona. Kwa hiyo anayefupisha maongezi kwa macho aliyozoea kufupishia makala anachukua kauli ya kwanza anayokutana nayo, na kwenye maongezi kauli ya kwanza mara nyingi sio ya mwisho.

Na kama mfupishaji ni mtu mmoja na mtafsiri ni mwingine hali inazidi kuwa mbaya, maana mtafsiri anapokea sentensi kavu ya "usibadilishe dawa" na hajui kama chanzo kilisema ni marufuku au kilisema mimi ningekuwa wewe nisingefanya. Kiswahili kina ngazi zote hizo, kuna lazima, kuna inatakiwa, kuna ni vizuri, kuna unaweza, lakini utachagua vipi ngazi kama muhtasari ulishazifuta zote?

Ukitafsiri yote kwanza unapata hiki

> Kaa dakika 5 kwanza. Egemea kiti, miguu iwe chini, usiongee na mtu. Nusu saa kabla ya hapo uwe umeacha kahawa, sigara na mazoezi.
>
> Pima mara mbili, uache kama dakika 1 katikati. Kwa watu wengi kipimo cha kwanza kinakuwa juu kidogo.
>
> Namba ikiwa juu mara moja, daktari anashauri usikimbilie kubadilisha dawa. Iandike, pima tena siku zinazofuata, afu kaongee na daktari wako.
>
> Usisubiri kama namba iko juu sana na una maumivu ya kifua au unashindwa kupumua. Hapo nenda hospitali.

Imezidi ile ya kwanza kwa sentensi chache tu. Na sio kwamba aliyeifanya ana akili zaidi au anajua presha zaidi. Ni kwamba huwezi kutafsiri maongezi yote bila kupita dakika ya 24. Unapofika pale "nilisema tatu? hapana" lazima uiandike kwa mkono wako, na ukishaiandika utarudi dakika ya 8 kuweka alama. Tafsiri inakulazimisha usome kila sentensi kwa mwendo wa pole, ndo hicho unachonunua kwa zile siku mbili.

Kuna faida ya pili watu hawaifikirii, nukuu. Posti ya blogu inapendeza ikiwa na maneno ya mgeni mwenyewe mara moja au mbili. Ukiwa na tafsiri kamili unachukua sentensi nzima ya "mimi nisingekimbilia kubadilisha dawa" unaiweka kwenye alama za kunukuu na ni haki, hayo ndo maneno yake kwa Kiswahili. Ukiwa na muhtasari uliotafsiriwa huna hata sentensi moja ya mgeni, una maneno ya mfupishaji, na ukiyawekea alama za kunukuu umemwekea mtu maneno mdomoni. Nimeona posti nyingi zenye kosa hili na nadhani wengi wanaolifanya hawajui kabisa kwamba wanalifanya. Kama unafuata njia ya kufupisha kwanza na unataka nukuu, rudi kwenye transkripti, itafute sentensi yenyewe, itafsiri nzima.

Jingine dogo ni nani kasema. Kiingereza kinatofautisha mwanamke na mwanaume kwa kiwakilishi, sisi "alisema" inabeba wote wawili, kwa hiyo kama mtangazaji ni mwanaume na mgeni ni mwanamke muhtasari wa Kiingereza unaeleweka vizuri ila ukitafsiriwa wanachanganyika. Andika "daktari anasema", "mtangazaji anauliza", kila sehemu yenye shaka. Kwenye tafsiri kamili unakuwa na majina pembeni ya kila zamu kwa hiyo tatizo halitokei mpaka siku ya kufupisha, na siku hiyo unaliona.

Ila kutafsiri kwanza nako kuna ubaya wake

Ukishatumia siku tatu kutafsiri maneno 6,000 unayapenda. Kila sentensi umeitolea jasho, kuna mahali ulikaa muda mrefu kutafuta namna nzuri ya kusema jambo, na sasa unaambiwa utupe maneno tisa katika kila kumi. Watu hawatupi. Posti inayotakiwa kuwa na maneno 600 inatoka na 1,100, na nyingi ya zile za ziada ni vituko vya mtangazaji na salamu ambavyo kwenye odio vinaleta uhai ila kwenye posti vinamchosha msomaji aliyekuja kutafuta jambo moja.

Ubaya wa pili ni kwamba posti inarithi mpangilio wa maongezi. Maongezi yanaenda kwa kukumbushana, jambo la mkanda wa mashine linaguswa dakika ya 9, linapotea, linarudi dakika ya 28, na ukiwa unafupisha kwa kufuta tu kutoka kwenye tafsiri unabaki na vipande vilevile kwa mpangilio uleule. Msomaji anakuta habari ya mkanda juu na nyingine chini kabisa. Aliyefupisha kwanza hana shida hii, yeye alishakusanya mambo yanayofanana sehemu moja wakati anaandika muhtasari, na kwa upande wa mpangilio njia ya kufupisha kwanza inashinda, naikubali bila kubishana.

Dawa ninayoiamini ni hii: ukimaliza kutafsiri usifupishe kwa kufuta. Funga faili la tafsiri. Fungua ukurasa mtupu, andika kwa kumbukumbu maswali manne au matano ambayo msomaji atakuwa nayo, lijibu kila moja kwa sentensi mbili tatu, afu ndo ufungue tafsiri kuhakiki namba, masharti na nukuu. Usichokikumbuka bila kufungua faili mara nyingi hakikuwa na uzito, isipokuwa yale masharti ya mwishoni mwa sentensi, hayo yatafute kwa makusudi, kila penye "isipokuwa", "lakini", "kama", "wengi", "mara nyingine".

Na kuna uchovu. Tafsiri ya maneno ya 5,000 haifanani na ya maneno ya 500, unaanza kufuata sura ya sentensi ya Kiingereza bila kujijua. Kwa hiyo sehemu za mwisho za kipindi zisome tena asubuhi yake kabla hujachukua chochote kwenye posti, hasa kwa kuwa wageni wengi wanasema mambo mazito mwishoni wakishazoea.

Vichwa vidogo, hapa ndo njia zote mbili zinakosea

Aliyefuata mpangilio wa maongezi, au aliyetafsiri vichwa vya muhtasari wa Kiingereza kama vilivyo, anaishia na kitu kama hiki:

```
# Daktari wa moyo azungumzia presha
## Utangulizi
## Umuhimu wa kupumzika
## Kahawa na sigara
## Maswali zaidi
## Hitimisho
```

Soma vichwa hivyo peke yake uone unaondoka na nini. Hakuna. Unajua kwamba kupumzika ni muhimu na kwamba kahawa ilitajwa. Sasa linganisha na hivi:

```
# Jinsi ya kujipima presha nyumbani
## Nusu saa kabla: acha kahawa, sigara na mazoezi
## Kaa dakika 5 bila kuongea
## Pima mara mbili, acha dakika 1 katikati
## Namba ikiwa juu: andika, usikimbilie kubadilisha dawa
## Wakati wa kwenda hospitali bila kusubiri
```

Mtu anayepitisha macho tu kwenye simu anaondoka na karibu kila kitu. Mpangilio nao umebadilika, kahawa ilitajwa baada ya kukaa kwenye maongezi ila kwenye posti inakuja kabla, kwa sababu msomaji ataifanya kabla. Vichwa hivi havikuwepo kwenye transkripti wala kwenye muhtasari wa Kiingereza, viliandikwa kwa Kiswahili moja kwa moja baada ya posti kukamilika, na hiyo ndo ningekushauri ufanye kwa njia yoyote utakayochagua. Kichwa cha kutafsiri kinakuja na majina mazito ya "umuhimu wa" na "changamoto za", kichwa cha kuandika mwenyewe kinakuja na kitenzi.

Angalia na kile cha nne, kuna neno "usikimbilie" badala ya "usibadilishe". Kichwa kinasomwa na watu wengi kuliko aya iliyo chini yake, kwa hiyo sharti likifa kwenye kichwa limekufa, hata kama aya imeliweka vizuri. Na kile cha mwisho kimepewa kichwa chake chenyewe japo kwenye odio ni sentensi moja tu, kwa sababu urefu wa jambo kwenye maongezi hauonyeshi uzito wake. Mtangazaji anaweza akala dakika nne kwenye stori ya kahawa na daktari akatumia sekunde kumi kwenye jambo la hatari. Majina ya sura za kipindi yaliyoandikwa na wenye podikasti usiyatumie kama vichwa vyako, yale yameandikwa kumfanya mtu abonyeze kusikiliza, yanaficha jibu kwa makusudi.

Njia ya katikati, na masharti yake

Kuna wanaofanya hivi na naona kwa vipindi vingi ndo inafaa zaidi: unasoma transkripti yote kwa Kiingereza bila kutafsiri, unaweka alama kwenye zamu zenye maana, afu unatafsiri kikamilifu zile zenye alama pamoja na zamu moja kabla na moja baada ya kila moja. Kutoka maneno 6,000 unabaki na kama 2,000, ni kazi ya siku moja, afu unafupisha kwa Kiswahili siku inayofuata. Unakuwa na sentensi kamili za kunukuu, unakuwa na masharti maana hukukata zamu katikati, na hujachoka.

Ila ile dakika ya 24 bado inaweza kukuponyoka kama hukuiwekea alama. Kwa hiyo ongeza hatua moja isiyoweza kurukwa. Kwa kila namba unayotaka kuitumia, itafute kwenye transkripti nzima kwa kitufe cha kutafuta, na usitafute namba, tafuta kipimo chake, yani hapa neno la Kiingereza la dakika, uone kila mahali lilipotajwa. Ukitafuta "3" hutaipata "tano". Pia waandika transkripti wengine wanaandika namba kwa tarakimu na wengine kwa maneno, na mmoja anaweza kuchanganya ndani ya faili moja, kipimo kinakuokoa na hilo pia. Fanya hivyohivyo kwa majina ya dawa na majina ya watu.

Angalia pia una transkripti ya aina gani. Kuna inayoandika kila kitu, vigugumizi, kucheka, kukatizana, na kuna iliyosafishwa. Iliyosafishwa inasomeka vizuri ila aliyeisafisha anaweza kuwa ameshaondoa "sisemi wote" akidhani ni kigugumizi, na utani wa kikombe mkononi ukikosa alama ya kicheko unasomeka kama mpango wa kweli. Kama una transkripti iliyosafishwa na odio ipo, sikiliza zile sehemu utakazozitumia.

Sasa uchague ipi

Kama kipindi ni cha ushauri ambao mtu ataufuata, afya, sheria, pesa, umeme wa nyumbani, tafsiri yote kwanza, au njia ya katikati pamoja na ile hatua ya kutafuta vipimo. Kufupisha kwanza hapo sikushauri kabisa, hata kama una haraka, heri uchelewe siku moja.

Kama ni mtu mmoja anasimulia na inaonekana anasoma alichoandika, sentensi zimekamilika, hajikatizi, fupisha kwanza na usiwe na wasiwasi. Yule alishajihariri kabla hajarekodi, na tafsiri kamili itakupa siku mbili za kazi bila faida yoyote utakayoiona kwenye posti.

Kipindi cha saa mbili ni maneno kama 18,000, kutafsiri yote ni wiki nzima na zaidi, hapo njia ya katikati ndo iliyobaki, labda uwe na matumizi mengine ya tafsiri. Na hilo liulize mapema kwa anayekupa kazi. Kama wanataka pia manukuu ya chini ya video, au maandishi kamili kwa ajili ya wasiosikia, tafsiri kamili itafanyika tu siku moja, kwa hiyo anza nayo na posti itoke humo.

Mjadala wa watu wanne unahitaji uangalifu wa peke yake. Muhtasari wa haraka unawafanya wote wakubaliane, kwa sababu mfupishaji anachukua hoja na kuacha nani aliipinga. Tumia njia ya katikati, na unapoweka alama kwenye hoja weka pia kwenye zamu ya aliyeikataa, hata kama alisema "hapana, sidhani" tu na hakuendelea. Vichwa vya posti ya namna hiyo vibebe pande zote mbili pale ambapo hawakukubaliana.

Posti ikishakamilika kwa njia yoyote, chukua nakala yake na mbele ya kila sentensi andika dakika ya kwenye odio ilikotoka, mfano [24:14]. Sentensi ikikosa dakika ni yako, sio ya mgeni, ama uitoe ama uiandike kwa namna inayoonyesha ni maelezo yako. Sentensi ikiwa na dakika mbili zinazopingana umepata kosa kabla msomaji hajalipata. Ukimaliza zifute hizo dakika kwenye posti ya kuchapisha ila nakala yenyewe itunze, maana mgeni au msomaji akiuliza hili lilisemwa wapi utamjibu papo hapo bila kusikiliza kipindi upya.